Miwani ya kufyekea: kulinda macho na mwiba, utomvu na kokoto

Ngao ya wavu ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nasafisha ukingo wa shamba kwa mashine ya kufyekea, nimevaa ile ngao ya wavu wa chuma inayoning'inia kwenye kofia, nikajiona nimekamilika. Katikati ya nyasi palikuwa na machipukizi ya mnyaa ambayo sikuyaona. Uzi wa mashine ulipoyapiga, utomvu mweupe ukaruka na kupenya matundu ya wavu kana kwamba hakuna kitu. Tone moja liliingia jicho la kulia. Kokoto za siku ile zote ziliishia kwenye wavu, lakini lile tone liliniweka siku mbili kwenye chumba chenye giza.

Tangu hapo siulizi tena kama miwani ni "imara". Nauliza inazuia nini. Mwiba, utomvu na kokoto kila kimoja kina njia yake ya kufika jichoni, na kifaa kinachoziba njia moja mara nyingi kinaiacha nyingine wazi. Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: ua wa mnyaa wa mita 30 uliotelekezwa, ambao chini yake pameota mitambaazi yenye miiba, nyasi ndefu na mawe ya ukuta wa zamani. Ukiweza kuingia hapo na kutoka na macho mawili mazima, kazi nyingine za shamba na bustani hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Zunguka eneo kabla hujagusa miwani

Tembea urefu wote wa ua bila mashine mkononi. Unatafuta vitu vitatu.

Kwanza miiba, na hasa ipo kimo gani. Mwiba haurukii mtu. Mtu ndiye anayeinama na kuufuata, au anavuta tawi kisha linamponyoka na kurudi kama upinde. Kwa hiyo mwiba hutokea chini na ubavuni, mara chache sana mbele.

Pili, mimea yenye utomvu. Vunja jani moja moja la kila mmea usioujua, ukiwa na glavu, na mkono ukiwa mbali na uso. Ukitoka maziwa meupe, uchukulie kuwa ni hatari hadi uthibitishe vinginevyo. Mnyaa na jamaa zake ndio wakali kuliko wote kwa jicho, lakini utomvu wa mpapai na wa mimea mingine mingi ya mapambo nao unaunguza.

Tatu, vinavyoweza kurushwa: mawe, vipande vya chupa, waya, misumari. Vinavyookoteka viokote sasa hivi. Jiwe ulilolitoa njiani halihitaji miwani.

Hatua ya 2: Chagua miwani ya msingi, ile isiyotoka usoni

Hiki ndicho kifaa utakachovaa tangu unaanza hadi unamaliza, iwe una ngao ya uso au huna. Lenzi iwe ya polikaboneti, aina ya plastiki ngumu. Kioo cha kawaida kikivunjika kinakuwa vipande vya kukuongezea balaa, na plastiki nyepesi ya miwani ya jua ya mtaani hupasuka kwa ncha kali. Miwani yako ya kusomea au ya kuonea mbali haihesabiki pia. Haikutengenezwa kupigwa, na ubavuni iko wazi kabisa. Anayeivaa atafute miwani ya kinga pana inayoketi juu yake, au iliyotengenezwa kwa namba za macho yake.

Kisha soma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye lenzi na kwenye fremu. Kama hayapo, iache dukani hata kama muuzaji anaipigapiga kwenye kaunta kuonyesha ugumu wake. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 166, tafuta herufi. Herufi F maana yake lenzi ilipigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde ikahimili. Herufi B ni gololi hiyohiyo kwa mita 120 kwa sekunde. Kwa kiwango cha Marekani, ANSI Z87.1, alama ya kutafuta ni `Z87+`. Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo inayosema miwani ilijaribiwa kwa pigo kali. Ikiandikwa `Z87` pekee, haikupitia jaribio hilo.

Sasa linganisha na mashine yako. Uzi wa nailoni unaochora duara la upana wa sentimita 42, kichwa kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia karibu mita 150 kwa sekunde. Kokoto haipati mwendo huo wote, maana inaguswa mara moja na kuteleza, lakini unaona kwamba mita 45 za herufi F si akiba kubwa. Na kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: chini ya EN 166, miwani yenye mikono ya kuweka masikioni haiwezi kupata zaidi ya F. Herufi B inapatikana kwa miwani ya kuziba, yaani ile yenye mpira unaokumbatia uso na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kwa ngao za uso. Ndiyo maana kwa mashine ya kufyekea tunavaa tabaka mbili.

Kwa ua wetu wa mnyaa, msingi ni miwani ya kuziba. Angalia fremu yake: chini ya EN 166 namba 3 inaonyesha kwamba inazuia matone, na kwa ANSI alama hiyo ni D3. Kisha tazama matundu ya hewa. Ukiweza kuona mwanga moja kwa moja kupitia tundu, tone nalo litapita. Yanayofaa ni matundu yenye kifuniko au kona, ambapo hewa inapinda kabla ya kuingia ndani.

Kama eneo lako lina nyasi na mawe tu, bila mmea wa utomvu, miwani ya mikono yenye lenzi zilizopinda hadi kwenye mapaji inatosha chini ya ngao. Mimi huitumia hiyo siku nyingi, kwa sababu haina joto. Lenzi iwe isiyo na rangi au ya njano. Nyeusi huvutia juani, ila ukiingia chini ya kivuli cha ua huoni mwiba hadi ukuguse.

Hatua ya 3: Ipime ukiwa umeinama

Watu hujaribu miwani wamesimama wima mbele ya kioo. Nani anafyeka akiwa amesimama hivyo? Ivae, kisha inama kama unayeng'oa gugu, geuza kichwa kushoto na kulia, tikisa mara tatu nne. Ikiteleza puani, chini yake pamefunguka mlango, na huko ndiko tawi linakotokea.

Ukiwa bado umeinama, pitisha kidole cha mwisho kuzunguka fremu yote: juu ya nyusi, kwenye paji la pembeni, juu ya shavu. Kidole kikipita hadi kugusa kope, kijiti cha mwiba kitapita kwa urahisi zaidi. Kwa miwani ya kuziba, mpira uguse ngozi pande zote. Nywele, kofia au mikono ya miwani ya macho ikiunyanyua mpira sehemu moja, hapo hakuna kinga ya matone tena.

Ukanda uukaze kiasi cha kuacha alama nyepesi tu kwenye ngozi. Ukikaza mno, baada ya nusu saa utaisukuma juu ya paji la uso upumue, na miwani iliyoko kwenye paji hailindi kitu.

Hatua ya 4: Weka ngao ya uso juu yake

Ngao ni tabaka la pili, si mbadala wa la kwanza. Iko wazi chini na ubavuni, na kokoto ikigonga kifua au mti inaweza kurudi na kupanda kwa ndani. Inalinda mashavu, pua na midomo, na inapunguza nguvu ya kile kinachoelekea kwenye miwani.

Kuna aina mbili. Ngao ya wavu, ambayo kiwango chake cha Ulaya ni EN 1731, haishiki ukungu, hewa inapita, na kwa kufyeka nyasi kavu siku nzima siijui inayoishinda. Lakini utomvu unapita, vumbi linapita, na vichembe vya kokoto iliyosagika vinapita. Ngao ya polikaboneti inazuia yote hayo, ila inashika ukungu na kuchafuka upesi. Kwa mnyaa, vaa ya polikaboneti. Kama unayo ya wavu tu, basi miwani ya kuziba chini yake si ya hiari.

Hatua ya 5: Panga kazi ili hatari zisikujie pamoja

Katika ua wetu kosa kubwa ni kuwasha mashine kwanza. Kichwa cha uzi hakikati mnyaa, kinauponda na kuunyunyiza. Anza kwa mkono.

Vaa miwani ya kuziba, glavu ndefu za mpira na shati la mikono mirefu. Kata mnyaa kwa msumeno wa mkono au mkasi wa mpini mrefu, kuanzia juu kwenda chini, ukisimama upande ambao upepo unatokea. Usikate tawi lililo juu ya uso wako. Panga hapa silipendi, kwa sababu kila pigo linarusha matone. Matawi yaliyokatwa yaweke rundo moja mbali na njia, na jipu la utomvu kwenye kisiki liache likauke lenyewe.

Ikifuata zamu ya mitambaazi ya miiba, badilisha glavu, maana zile za mpira zina utomvu na mwiba utazitoboa. Shika shina karibu na ardhi, likate hapo, kisha livute polepole kwa kulielekeza ubavuni mwako, si kuelekea kifuani. Likikwama, usilikurupushe. Kata tena. Tawi lililovutwa kwa nguvu ndilo linalofyatuka.

Hapo ndipo unaokota mawe kwa mara ya pili, kwa kuwa sasa ardhi inaonekana. Yaliyozama ardhini yawekee kijiti cha alama na uyapitie kwa mkono baadaye.

Mwisho mashine. Kabla ya kuiwasha hakikisha kinga yake, ile bapa ya plastiki nyuma ya kichwa cha uzi, ipo mahali pake. Wengi huivua ili uzi uwe mrefu na upana wa kufyeka uongezeke. Wanalipia mara mbili: ncha ya uzi inakimbia zaidi, na kizuizi kati ya kichwa na miguu yao kimeondoka. Tazama pia mshale wa mzunguko. Mashine nyingi zenye mpini ulionyooka huzunguka kinyume na mwendo wa saa ukitazama toka juu, na hapo upande wa kushoto wa duara ndio unaorusha vitu kuelekea kwako. Mshale ukielekea upande mwingine, geuza hesabu. Upande unaokurushia usiupeleke kwenye ukuta wala kwenye njia ya kokoto.

Vitabu vya mashine hizi huweka umbali wa mita 15 kwa watu wengine, na huo ni umbali wa chini. Anayekuja kukuletea maji asimame huko akupungie mkono. Wewe zima mashine umfuate.

Hatua ya 6: Shughulikia ukungu kabla haujakulazimisha kuvua

Ajali nyingi ninazozijua zilitokea miwani ikiwa kwenye paji la uso au mfukoni, na sababu ilikuwa ukungu. Osha lenzi kwa maji, paka tone la sabuni ya maji ya vyombo ndani kwa kidole, sambaza, kisha suuza kidogo na uache ikauke bila kuifuta. Hiyo hunipa saa moja au mbili. Funga kitambaa kwenye paji la uso ili jasho lisishuke. Ukungu ukirudi, zima mashine, ondoka kwenye eneo la kazi, ndipo uvue.

Lenzi ikiwa na vumbi, usiifute kwa shati. Vumbi la shambani ni mchanga, na mchanga unachora. Mwagia maji kwanza. Mafuta ya mashine nayo yana lake: petroli ikigusa polikaboneti huianzishia nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na lenzi ya namna hiyo inaweza kupasuka kwa pigo ambalo jana ingelihimili. Ukijaza tangi, osha mikono kabla ya kurekebisha miwani. Inyanyue lenzi kwenye mwanga kila asubuhi. Ukiona utando huo, au alama ya shimo pale ilipopigwa na jiwe, itupe. Usimpe kijana anayekusaidia kuokota.

Hatua ya 7: Kuvua, kazi ya sekunde kumi inayoharibiwa na wengi

Baada ya saa mbili za kufyeka, nyusi, ukingo wa kofia na sehemu ya juu ya miwani vimejaa takataka. Ukiinua miwani huku umetazama mbele, zinadondoka machoni. Na glavu zako zina utomvu.

Vua glavu, osha mikono kwa sabuni. Inamisha kichwa mbele, funga macho, piga kofia na ngao zikung'utike. Kisha, macho bado yamefungwa, shika ukanda nyuma ya kichwa na uulete mbele. Pangusa nyusi kwa kitambaa safi kwenda nje. Sasa fungua macho.

Ikiwa kitu kimeingia

*Utomvu.* Usipoteze muda kutafuta dawa. Maji safi, mengi, papo hapo, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kope zikishikiliwa wazi kwa vidole safi. Inamisha kichwa ili jicho lililoathirika liwe chini, maji yasipeleke utomvu kwenye lile zima. Kama una lenzi za kubandika jichoni, zitoe wakati maji yanatiririka. Maziwa, mafuta na maji ya majani viache. Kuwa na chupa mbili za lita moja za maji safi pale unapofyeka, si nyumbani, ili uanze hapohapo wakati mwenzako anafuata maji mengine.

Utomvu wa mnyaa una hila. Mara nyingi saa za kwanza ni muwasho tu, mtu anasema amepona, halafu usiku jicho linavimba, linauma na kuogopa mwanga. Kwangu ilianza saa sita usiku. Kwa hiyo nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua, na umpelekee kipande cha mmea ndani ya mfuko wa plastiki.

*Kichembe cha kurushwa.* Kikiwa ni vumbi, pepesa na suuza bila kusugua. Lakini kama jicho limepigwa na kitu chenye mwendo, na sasa kuona kumefifia, mboni si duara tena, au kuna majimaji ya ajabu, usisuuze wala usibonyeze. Lifunike kwa kikombe cha karatasi kilichokatwa, ukingo wake ukiegemea mfupa na si jicho, uende hospitali. Kisu cha chuma kinachofungwa kwenye mashine badala ya uzi kikigonga jiwe hutoa kipande kidogo cha chuma ambacho kinaweza kuingia ndani ya jicho kwa maumivu madogo tu. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa na mashine yenye kisu cha chuma, ili aamue picha ya aina gani ipigwe.

*Mwiba.* Ukiwa umechoma na kubaki, usiung'oe. Kikombe kilekile, hospitali ileile. Ukiwa umekwaruza tu, usiridhike kwa sababu jicho limetulia kesho yake. Mwiba hubeba ukungu wa mimea, aina ya kuvu, na maambukizi yake huweza kujitokeza baada ya siku kadhaa au hata wiki: wekundu usioisha, machozi, doa jeupe kwenye kioo cha mbele cha jicho. Hapo matone ya dukani yenye steroidi ni hatari, kwa kuwa yanatuliza wekundu huku kuvu ikiendelea kula jicho. Mwambie daktari kwamba ulikwaruzwa na mmea, siku gani, na mmea wenyewe ni upi.